Punje za mahindi na mbegu kwenye choo: jinsi ya kutofautisha la kawaida na la kumwona daktari

Umekula hindi la kuchoma jioni, limepakwa ndimu na pilipili, na kesho yake au keshokutwa ukienda haja kubwa unaziona punje zilezile kana kwamba hazikuguswa. Mara nyingi hilo halina ugonjwa wowote ndani yake. Ila Dar es Salaam lina mtego mmoja. Mahindi yanayouzwa hapa mengi ni meupe, na ganda jeupe la punje lililolowa huonekana kama kipande cha mnyoo. Matokeo yake wapo wanaomeza dawa ya minyoo kila mwezi kwa sababu ya makapi ya mahindi, na wapo wenye tegu kweli wanaojiambia kuwa ni makande ya juzi. Kutofautisha hayo mawili hakuhitaji mashine. Kunahitaji kijiti, maji kidogo, na kukumbuka ulichokula.

Kwanza, ujue unachokiona ni nini

Punje ya hindi ina ganda la nje, chini yake kuna wanga mwingi, na upande wa chini kuna kiini ambacho ndicho kingeota. Ganda ni kama asilimia 5 tu ya uzito wa punje, lakini ndilo gumu kuliko vyote. Limejengwa hasa kwa selulosi na nyuzinyuzi jamaa zake, na mwili wa binadamu hautengenezi kimeng'enya cha kukata selulosi. Mate na kongosho hutoa vimeng'enya vya wanga, nyongo na kongosho hushughulikia mafuta, tumbo na kongosho hushughulikia protini. Kwa selulosi hakuna kitu. Ng'ombe humudu kwa sababu hubeba vijidudu vya kazi hiyo kwenye tumbo lake la kwanza na hucheua. Sisi tuna bakteria kwenye utumbo mpana wanaotafuna nyuzinyuzi laini kiasi, lakini ganda la hindi huwashinda.

Kwa hiyo ukitafuna punje ikapasuka hata upande mmoja, vimeng'enya huingia, wanga huyeyushwa na kunyonywa, na ganda hubaki tupu. Likiwa njiani hujaa kinyesi laini na kutuna tena. Ndiyo maana huonekana kama punje nzima. Chakula chenyewe umeshakipata, kinachotoka ni mfuko wake.

Ipo pia punje iliyomezwa bila kuguswa na jino. Hiyo ganda lake halikupasuka, vimeng'enya havikupata mlango, na hutoka na sehemu kubwa ya wanga wake ndani. Sababu yake iko mdomoni, haiko tumboni.

Jaribio la kijiti

Kwenye choo cha shimo huwezi kuona kitu, kwa hiyo tumia poti ya mtoto, au tandika mfuko wa plastiki juu ya ndoo kuukuu. Chukua punje moja kwa kijiti, iweke kwenye kifuniko cha kutupa, imwagie maji kidogo mpaka isafike, kisha ibonyeze taratibu. Usitumie chujio wala kijiko cha jikoni, na ukimaliza nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hadi chini ya kucha.

Likibonyea na kubaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, hilo ni ganda tupu, na jambo limeishia hapo. Likiwa gumu, ukalivunja na kukuta unga mweupe ndani, punje ilimezwa nzima. Usipokuta ganda wala unga, bali kitu laini kama utepe, bapa, cheupe, kisichokuwa na tundu ndani, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya tegu hapa chini.

Mbegu nazo zina tabia yake. Mbegu za nyanya, pilipili, pera, pasheni na ufuta ambao haukusagwa hutoka zikiwa nzima karibu kila mara, hata kwa mtu mwenye meno yote na tumbo zuri. Mmea umezijenga zipite tumboni mwa ndege na wanyama ili zikaote mbali, na mbegu ya nyanya inaweza kupita kwa binadamu ikabaki hai. Ndiyo sababu minyanya huota yenyewe palipomwagwa maji taka. Kuona mbegu za nyanya kwenye choo kusikupe wasiwasi wowote.

Vinavyotisha zaidi ni hivi viwili. Ganda la nyanya hujikunja likawa kijibomba chekundu ambacho wengi hudhani ni damu au utando wa utumbo. Likamue kwenye maji: damu hupaka rangi maji, ganda la nyanya halipaki. Na ndizi mbivu huacha vijinyuzi vyeusi vifupi vinavyofanana na viminyoo. Ukiacha ndizi siku tatu nne, vinatoweka.

Unachoona: "nimekula tu, dakika ishirini nimeenda choo, mahindi yametoka vilevile"

Hayo si mahindi uliyokula sasa hivi. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma kilichomo ili kupisha kinachokuja. Watu wengine wana ishara kali, na mlo wa asubuhi haujaisha wameshakimbilia chooni. Kinachotoka ni cha jana au juzi. Chakula hukaa tumboni saa kadhaa, kisha husafiri saa kadhaa tena kwenye utumbo mwembamba, halafu hutumia muda mrefu kuliko yote kwenye utumbo mpana, ambako maji hunyonywa. Safari nzima kwa mtu mzima mwenye afya ni kati ya nusu siku na siku tatu hivi.

Uzuri wa ganda la hindi ni kwamba linaweza kukupimia safari hiyo. Kaa siku 7 bila punje za mahindi za aina yoyote, yaani hakuna hindi la kuchoma wala la kuchemsha, hakuna makande, hakuna bisi. Ugali hauna shida kwa kuwa umesagwa. Siku ya nane kula nusu ya hindi la kuchemsha na uandike saa. Tafuna kama kawaida yako. Kisha angalia kila choo na uandike saa ganda la kwanza lilipoonekana.

Tuseme umekula Jumamosi saa 1 jioni, na ganda la kwanza likaonekana Jumatatu saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 35, na ni safari ya kawaida kabisa. Kati ya saa 12 na saa 48 ndiko wengi huangukia. Ganda likitokea kabla ya saa 10, na choo ni chepesi, utumbo wako unakimbia na kuna sababu ya kutafuta. Likipita saa 72 bila kuonekana, utumbo unakwenda polepole, na shida yako huenda ni choo kigumu. Usitegemee mara moja tu. Rudia baada ya wiki mbili kabla ya kuamini jibu.

Jaribio hili si la mtoto mdogo, wala la mtu anayepata shida kumeza, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, au aliyewahi kuziba utumbo.

Unachoona: punje nzima ngumu, zenye unga ndani, mara kwa mara

Hapa sababu ya kwanza ni meno na haraka. Mtu anayekula hindi kwenye foleni ya daladala, akipiga simu, humeza nusu ya punje kama alivyozing'oa. Anayepungukiwa magego hana mahali pa kuzisagia, kwa kuwa meno ya mbele hung'oa tu. Hali kadhalika mzee mwenye meno ya bandia yanayocheza, au mtu mwenye jino linalouma anayetafuna upande mmoja. Angalia mdomo kabla ya kulaumu tumbo.

Sababu ya pili ni jiko. Makande yaliyopikwa kwa haraka kwa sababu mkaa au gesi ni ghali huwa na punje zilizolainika juu na ngumu katikati. Meno huziteleza, na ndani hazifikiwi. Wanga huo usioyeyushwa hufika kwenye utumbo mpana, bakteria huushangilia, na ndipo tumbo hujaa gesi usiku kucha. Maharage yana sukari zake zinazoleta gesi vilevile, kwa hiyo makande mabichi ni mzigo mara mbili.

Dawa yake iko sokoni na kwenye sufuria. Nunua mahindi yaliyokobolewa, yaliyotolewa ganda na kiini, badala ya mazima. Yaloweke usiku kucha, maji yayapite juu kwa kina cha vidole vinne, asubuhi mwaga maji hayo uweke mapya, kisha chemsha mpaka punje ikibanwa kati ya kidole gumba na cha shahada isambaratike yote bila kokoto katikati. Wapo wanaotia magadi kidogo kwenye sufuria, na ni kweli yanalainisha ganda na kufupisha muda. Lakini magadi yana sodiamu nyingi, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu afadhali aloweke muda mrefu zaidi na kuyaacha.

Ukila mahindi yaliyokobolewa, maganda hutayaona kwenye choo, kwa kuwa yalibaki kwenye kinu au mashine. Hili nalo ni jaribio. Mtu aliyekula makande ya mahindi yaliyokobolewa pekee kwa wiki nzima, kisha akaona "maganda meupe" kwenye choo, anaona kitu kingine.

Unachoona: vipande vyeupe bapa, na hujala mahindi

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu tegu huchukuliwa kirahisi kuwa chakula. Tegu wa ng'ombe hupatikana kwa kula nyama ya ng'ombe isiyoiva vizuri, kama mshikaki uliobabuka nje na ndani bado ni mwekundu. Tegu wa nguruwe hutokana na kitimoto kisichoiva. Mnyoo mzima hubaki utumboni na hutoa vipande vya mwisho wa mwili wake, pingili, zilizojaa mayai. Pingili ya tegu wa ng'ombe ni kama sentimita 2 kwa urefu na nusu sentimita kwa upana, nyeupe au ya rangi ya maziwa, bapa kama kipande cha tambi pana. Ikikauka hunywea, ikafanana na punje ya wali au mbegu ya tango.

Tofautisha hivi. Ganda la hindi lina umbo la kikombe, lina ncha iliyokuwa imeshika kwenye gunzi, halitembei, na hutoweka siku chache baada ya kuacha mahindi. Pingili ni bapa pande zote, haina tundu, huja hata wiki ambayo hukula mahindi wala mbegu, na ikiwa mbichi inaweza kujikunja na kujinyoosha yenyewe. Pingili za tegu wa ng'ombe huweza hata kutoka bila choo, ukazikuta kwenye chupi au shuka. Ganda la hindi halifanyi hivyo kamwe.

Ukikuta kitu cha namna hiyo, usikitupe. Kiweke kwenye kikopo safi chenye kifuniko, pamoja na maji kidogo, ukipeleke maabara ya zahanati au kituo cha afya pamoja na sampuli ya choo. Mwambie mtaalamu kwamba umeona vipande, kwa sababu kipimo cha choo kwa darubini hutafuta mayai, na mayai ya tegu hayatoki kila siku. Jibu la "hakuna kitu" la mara moja halimalizi neno. Hupimwa sampuli hadi tatu za siku tofauti. Kile kidonge kimoja cha minyoo kinachouzwa duka la dawa hufanya kazi nzuri kwa minyoo mikubwa ya mviringo, lakini kwa tegu hakitegemewi. Tegu ana dawa yake, na kwa tegu wa nguruwe daktari lazima kwanza aulize kuhusu degedege na maumivu makali ya kichwa, kwa kuwa mabuu yake huweza kuingia kwenye ubongo.

Mtoto anayejikuna njia ya haja kubwa usiku, na ukamulika ukaona nyuzi nyeupe za kama sentimita 1 zinazotembea, huyo ana vijinyoo vyembamba. Hilo lina dawa rahisi, na nyumba nzima hutibiwa pamoja.

Unachoona: "kidonge changu kimetoka kizima"

Tunaliweka hapa kwa sababu huletwa na malalamiko yaleyale. Baadhi ya dawa za sukari na za shinikizo la damu zimetengenezwa ziachie dawa polepole kwa saa nyingi. Dawa hutoka kupitia ganda maalumu, na ganda lenyewe hutupwa na choo, tupu, likiwa na umbo la kidonge. Likibonyea kwa kijiti, dawa imeshaingia mwilini. Usimeze kingine kufidia. Uliza duka la dawa kama kidonge chako ni cha aina hiyo, na usikivunje wala kukitafuna.

Unachoona: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, choo chepesi chenye vipande vya chakula

Hili ndilo linalowasumbua wazazi kuliko yote, kwa hiyo tulipitie kwa mfano.

Mtoto wa kike wa miaka miwili na miezi miwili, anakaa Tabata na bibi yake mchana. Kwa wiki tano sasa anapata choo mara nne au tano kwa siku. Cha asubuhi kimeshikana kidogo, cha mchana chepesi, cha jioni karibu maji, na ndani yake mna punje za mahindi, vipande vya karoti na majani ya mchicha kama yalivyokatwa. Usiku hulala bila kuamshwa na haja. Anacheza, anakula, hana homa, choo hakina damu wala kamasi. Ameshapewa dawa ya minyoo mara mbili na dawa ya kuua bakteria mara moja, hakuna kilichobadilika.

Jambo la kwanza ni kadi ya kliniki. Mstari wa uzito unapanda kama ulivyokuwa ukipanda. Hilo peke yake linaondoa magonjwa mengi, kwa kuwa mtoto ambaye chakula hakimwingii mwilini haongezeki. La pili ni mdomo. Magego ya kwanza ya mtoto huota kati ya miezi 13 na 19 hivi, ya pili kati ya miezi 23 na 33. Huyu ya pili ndiyo kwanza yanachomoza. Hana mashine ya kusagia punje bado, kwa hiyo punje nzima kwenye choo chake ni jambo la kutarajiwa.

Lakini punje hazielezi kuharisha. La tatu ni kuhesabu vinywaji, na hapa bibi ndiye wa kuulizwa, si mama. Bibi anasema: asubuhi anampa juisi ya boksi ya embe kabla ya uji, mchana nyingine, na jioni akilia anapewa ya tatu. Kila boksi ni mililita 200, kwa hiyo jumla ni mililita 600 kwa siku. Kwa umri huu kiwango cha juu cha juisi ni takriban mililita 120 kwa siku, na hakuna lazima hata ya hicho. Sukari ya matunda ikizidi uwezo wa utumbo mwembamba kuinyonya, huvuta maji kwenda nayo kwenye utumbo mpana, na choo kinalegea kadiri siku inavyokwenda. Ndiyo maana cha asubuhi kimeshikana na cha jioni ni maji: usiku hakuna juisi. La nne, uji wake wa lishe hauna tone la mafuta, kwa sababu mama aliambiwa mafuta huharisha. Ni kinyume. Mafuta kwenye mlo hupunguza mwendo wa tumbo.

Hali hii ni ya kawaida kwa watoto wa umri wa miezi 6 hadi miaka 5. Sifa zake ni vyoo vinne au zaidi vyepesi kila siku kwa zaidi ya wiki nne, visivyo na maumivu, huku mtoto akiendelea kukua. Haihitaji dawa. Hatua ni hizi: juisi na soda zinaachwa zote kwa wiki 2, na kiu inatulizwa kwa maji safi. Maziwa yanaendelea. Kila bakuli la uji linawekwa kijiko kimoja cha chai cha siagi ya karanga iliyosagwa laini au cha mafuta ya kupikia, na mboga inaungwa kwa nazi. Matunda anakula yenyewe, papai na ndizi, badala ya kuyanywa. Mlo wenyewe haukatwi, kwa kuwa kumnyima chakula mtoto anayeharisha namna hii ndiko kunakomshusha uzito.

Siku ya kumi vyoo vimeshuka kuwa viwili, vimeshikana. Maganda ya mahindi bado yapo, na yataendelea kuwepo mpaka magego yatimie. Mama asiyafuatilie tena.

Kuna onyo la lazima kwa umri huu. Mtoto asiye na magego anaweza kupaliwa na punje nzima, bisi au karanga, ikaingia kwenye njia ya hewa. Chini ya miaka 4 karanga zisagwe, bisi asipewe, na mahindi mabichi yakwanguliwe kwa kisu na kupondwa.

Unachoona: tumbo limefunga baada ya mapera mengi

Mbegu nyingi za pera zikimezwa kwa mara moja, hasa na mtoto anayekunywa maji kidogo, huweza kushikamana kwenye puru kama saruji. Dalili ni kujikamua sana bila kutoa kitu, maumivu pale chini, na wakati mwingine maji ya kinyesi kuvuja pembeni, ambayo hudhaniwa kuwa ni kuharisha. Usimpe dawa ya kuzuia kuharisha. Mpeleke kituo cha afya, kwa sababu mzigo huo mara nyingi hutolewa kwa mkono wa mtaalamu, na kuusukuma kwa dawa kali ya kuendesha huongeza maumivu. Lakini mtu anayekula mapera mawili matatu na kuona mbegu zake kesho yake hana sababu ya kuyaacha. Wala woga wa kwamba kila mbegu hukimbilia kwenye kidole tumbo hauna msingi. Kidole tumbo huvimba kwa watu wengi ambao hawakumeza mbegu yoyote.

Lini punje si punje tu

Punje au mbegu peke yake, kwenye choo kilichoshikana, kwa mtu asiyepungua uzito, si dalili ya ugonjwa. Zinapata uzito zinapofuatana na mambo mengine, na hayo mengine ndiyo ya kumweleza daktari.

La kwanza ni mafuta. Choo kikiwa cheupe au cha rangi ya kijivu, kinanuka vibaya kuliko kawaida, kinaelea, kinang'ang'ania kwenye sinki la choo na kuacha utando wa mafuta juu ya maji, basi mafuta hayanyonywi. Sababu huweza kuwa kongosho, nyongo, au kijidudu kiitwacho giadia kinachopatikana kwenye maji yasiyochemshwa. Giadia huleta pia gesi nyingi na kucheua harufu ya yai bovu, na huendelea wiki nyingi kama haikutibiwa. Kuna kipimo na kuna dawa. Kununua vidonge vya vimeng'enya bila kupimwa hakusaidii hapa, na kwa maganda ya mahindi hakusaidii popote, kwa kuwa vimeng'enya vya kongosho havikati selulosi.

La pili ni muda na uzito. Mtu mzima anayeharisha zaidi ya wiki mbili, au anayeona hata mboga laini na nyama zinatoka zilivyoingia na nguo zinaanza kumpwaya, apimwe. Kuharisha kukifika mwezi pamoja na kupungua uzito, kipimo cha VVU ni sehemu ya uchunguzi wa kawaida, na kujua mapema kunabadilisha matibabu. Mwenye zaidi ya miaka 45 ambaye mwendo wake wa choo umebadilika bila sababu asikae nyumbani akihesabu punje.

La tatu ni yale yasiyosubiri: damu kwenye choo, choo cheusi kama lami kwa mtu ambaye hamezi vidonge vya kuongeza damu, homa, macho kuwa ya manjano, kuharisha kunakomwamsha mtu usingizini, au mtoto ambaye mstari wake kwenye kadi umelala au umeshuka. Na choo cha maji mengi kama maji ya kuoshea mchele, kinachotoka mfululizo, ni cha kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, hasa msimu wa mvua kipindupindu kinapotangazwa. Njiani mpe mgonjwa maji ya ORS, pakiti moja kwenye lita 1 ya maji safi, akinywa kidogo kidogo bila kusimama.

Unapokwenda kupimwa, nenda na mambo manne yameandikwa: vyoo vingapi kwa siku, tangu lini, ulichokula siku tatu za mwisho, na uzito wako wa sasa na wa zamani kama unaukumbuka. Choo cha kipimo kiwe cha siku hiyohiyo, kiasi cha kijiko cha chai, kisichochanganyika na mkojo, na kifike maabara ndani ya saa moja kama choo ni chepesi, kwa sababu baadhi ya vijidudu hufa haraka nje ya mwili. Na kama maganda yanakuchanganya, acha mahindi siku 4 kabla ya kupeleka sampuli.